Elfu tano ya mama na elfu tatu ya chama: ni kiwango gani cha M-PESA kilicho nafuu?

Swali: Mtaalamu, nafanya kazi Nairobi na kila mwisho wa mwezi namtumia mama yangu aliye Kitui elfu tano pamoja na ya kutoa. Ndugu yangu anasema niwe nikituma vidogo vidogo kwa sababu hadi mia ni bure. Mwenzangu kazini anasema pesa nyingi kwa mpigo ndiyo rahisi. Ukizipanga bei kwenye jedwali, ni kiwango gani nafuu kabisa? Halafu mimi ni mweka hazina wa chama cha watu kumi na wawili, kila mmoja hunitumia elfu tatu kwa mwezi. Hapo tunapoteza?

Jibu: Kwa mama unaweza kuokoa sh 32 kila mwezi bila kumpunguzia hata shilingi, na kwenye chama mnapoteza sh 208 kila mwezi. Nitakuonyesha zinapotokea, lakini kwanza tuliweke jedwali mezani, kwa sababu ubishi wa ndugu yako na mwenzako unatokana na kila mmoja kusoma safu yake.

Bei hizi ni za M-PESA ya Kenya, zile zilizoanza Julai 2023 baada ya ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kupanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Ushuru huo umo tayari ndani ya bei. Safu ya "kutuma" ni anayolipa mtumaji. Safu ya "kutoa" ni anayokatwa mpokeaji akienda kwa wakala. Safu ya mwisho nimeikokotoa mwenyewe: ukijumlisha kutuma na kutoa, kila shilingi mia inagharimu shilingi ngapi ukituma kiasi cha juu kabisa cha kiwango hicho.

| Kiasi (sh) | Kutuma | Kutoa kwa wakala | Jumla | Kwa kila sh 100 |
|---|---|---|---|---|
| 50–100 | 0 | 11 | 11 | 11.00 |
| 101–500 | 7 | 29 | 36 | 7.20 |
| 501–1,000 | 13 | 29 | 42 | 4.20 |
| 1,001–1,500 | 23 | 29 | 52 | 3.47 |
| 1,501–2,500 | 33 | 29 | 62 | 2.48 |
| 2,501–3,500 | 53 | 52 | 105 | 3.00 |
| 3,501–5,000 | 57 | 69 | 126 | 2.52 |
| 5,001–7,500 | 78 | 87 | 165 | 2.20 |
| 7,501–10,000 | 90 | 115 | 205 | 2.05 |
| 10,001–15,000 | 100 | 167 | 267 | 1.78 |
| 15,001–20,000 | 105 | 185 | 290 | 1.45 |
| 20,001–35,000 | 108 | 197 | 305 | 0.87 |
| 35,001–50,000 | 108 | 278 | 386 | 0.77 |
| 50,001–250,000 | 108 | 309 | 417 | 0.17 |

Ukiteremka na safu ya mwisho utaona mwenzako wa kazini hakukosea: kiwango nafuu kuliko vyote ni cha chini kabisa kwenye jedwali, ambapo mtu akituma laki mbili na nusu analipa sh 108 zile zile anazolipa wa elfu ishirini na moja. Lakini jibu hilo halikusaidii wewe wala mimi. Mtu hachagui kiasi kwa sababu ada yake ni nzuri. Anatuma alicho nacho. Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: ndani ya kiasi ambacho ungetuma hata hivyo, mpaka wa kiwango uko wapi, na wewe umesimama upande gani wa mpaka huo?

Tazama mstari wa 2,501 hadi 3,500. Kila mstari mwingine unashuka bei kwa kila mia kuliko ule ulio juu yake, isipokuwa huo. Kutoka 2.48 bei inapanda hadi 3.00. Sababu ni kwamba hapo ada zote mbili zinaruka kwa pamoja: kutuma kunatoka 33 hadi 53, na kutoa kunatoka 29 hadi 52. Ukituma 2,500 na mpokeaji akazitoa zote, jumla ni sh 62. Ongeza shilingi moja tu, iwe 2,501, jumla inakuwa sh 105. Shilingi hiyo moja imegharimu sh 43. Kwa wale tunaotuma chini ya elfu tano, huo ndio mpaka mbaya kuliko yote kuuvuka, na kwa bahati mbaya mchango wa chama chenu umeuvuka. Tutaufikia.

Sasa mama. Hivi ndivyo nadhani unavyofanya, kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya: unataka akamate elfu tano mkononi, unajua kutoa elfu tano ni 69, basi unaandika 5,069 kwenye simu na kubonyeza. Ukiusoma ujumbe unaokuja baada ya hapo, karibu na mwisho utaona `Transaction cost, Ksh78.00`. Ungetuma 5,000 kavu ungeona `Ksh57.00`. Ile 69 ya kutoa, uliyoiongeza kwa moyo mwema, imekuvusha mpaka wa 5,000 na kukuingiza kwenye kiwango cha 5,001 hadi 7,500. Umelipa sh 21 ili kubeba sh 69.

Dawa yake ni rahisi. Tuma 5,000 kwanza, ulipe 57. Halafu tuma 69 peke yake. Kwa kuwa ni chini ya mia, haina ada. Hapa ndipo ule ubure wa ndugu yako unapofanya kazi yake vizuri: kubeba ya kutoa. Ubure huo ulibaki baada ya kipindi cha korona. Machi 2020 ada za kutuma hadi sh 1,000 zilifutwa kwa muda, na zilipoanza kutozwa tena Januari 2021, kiwango cha hadi mia kikaachwa bila ada.

Mtego huu wa "na ya kutoa" hauko kwenye elfu tano peke yake. Uko kwenye kila namba nzima inayokaa juu ya ukingo wa kiwango, nazo ndizo namba tunazopenda kutuma. Mtu akituma elfu moja na ya kutoa, anaandika 1,029 na kulipa 23 badala ya 13. Mtu wa 2,500 anaandika 2,529 na kulipa 53 badala ya 33, yaani shilingi ishirini kwa ajili ya kusafirisha ishirini na tisa. Wa elfu kumi anaandika 10,115, analipa 100 badala ya 90. Huyu wa mwisho aangalie kidogo: 115 imepita mia, kwa hiyo akiituma peke yake atakatwa 7. Aigawe iwe 100 na 15, zote zitapita bure.

Nikirudi kwa mama yako, bado kuna shilingi kumi na moja zimebaki kwenye upande wa kutoa. Angalia safu ya kutoa tena. Kuanzia 101 hadi 2,500 bei haisogei, ni 29 tu. Ya 3,501 hadi 5,000 ni 69. Kwa hiyo mama akitoa 2,500 mara mbili anakatwa 58, si 69. Ukilijua hilo, hutumi tena 69 ya kutoa, unatuma 58. Hesabu kamili inakuwa hivi: 5,000 kwa ada ya 57, halafu 58 bila ada, jumla inayotoka kwenye simu yako ni sh 5,115. Kwa njia ya zamani zilikuwa zinatoka 5,147. Hizo ndizo sh 32 nilizokuahidi, na mama amekamata elfu tano zile zile.

Kwa kweli hiyo 2,500 ni namba ya kumfundisha mama aikariri. Nimejaribu kuitafutia mpinzani kwenye safu ya kutoa, kwa kiasi kinachogawanyika kwa 2,500 sawasawa, na haikuniangusha hadi nilipofika elfu kumi. Elfu saba na nusu kwa mkupuo ni 87, na mara tatu za 2,500 ni 87 vile vile. Elfu kumi kwa mkupuo ni 115, mara nne za 2,500 ni 116. Tofauti ni shilingi moja. Maana yake ni kwamba mama hana sababu ya kutoa pesa zote siku ile ile ili "asikatwe sana". Anaweza kutoa 2,500 leo, nyingine ziendelee kukaa kwenye simu hadi wiki ya tatu, na hatapoteza kitu. Usalama wake ni bora zaidi pia kuliko kuweka noti chini ya godoro.

Kinachomuumiza ni kutoa kidogo kidogo chini ya hapo. Akitoa 500 analipa 29 ile ile ya 2,500. Akitoa elfu tano kwa mafungu kumi ya 500 atakuwa ameacha sh 290 kwa wakala. Na hapa ndipo ushauri wa ndugu yako unapopinda. Upande wa kutuma hana kosa: elfu tano ukiituma kwa mafungu hamsini ya mia mia, ada yote ni sifuri, utakuwa umeokoa 57. Lakini ni mara hamsini za kuandika kiasi, kuweka namba ya siri na kusubiri ujumbe, na kati ya hizo hamsini si ajabu ukapoteza hesabu ya umefikia ya ngapi. Na mama naye akianza kutoa kila mia inapoingia, anakatwa 11 kila mara, jumla sh 550. Mia mia zinafaa kwa mambo ya mia mbili, mia tatu: ukitaka kumtumia mtu sh 200 ya nauli, mara mbili za mia zinakuokolea 7. Zaidi ya hapo muda wako una bei kuliko ada.

Kuna mgawanyo wa kati ambao una maana, nao unategemea tena ukingo. Elfu mbili kwa mkupuo ni 33, elfu moja mara mbili ni 26. Elfu sita kwa mkupuo ni 78, lakini 5,000 na 1,000 ni 57 na 13, jumla 70. Ukifika 7,000 faida imekwisha: mkupuo mmoja ni 78, wakati 5,000 na 1,000 na 1,000 ni 83. Kanuni niliyoiona baada ya kuzipitia ni kwamba kugawa kunalipa ukiwa umevuka ukingo kidogo tu, na kunakula ukiwa umekaribia ukingo unaofuata. Mtu wa 4,800 au 7,400 au 9,900 atume mara moja na ashukuru, kwa sababu ameshakijaza kiwango alicholipia.

Na mgawanyo huo uwe wa kutuma tu, si lazima uwe wa kutoa. Simu ya mpokeaji haijali pesa ziliingia kwa mafungu mangapi. Wakala anamkata kwa kile anachotoa siku hiyo. Ukitaka kumpelekea mtu 3,000, tuma 2,500 na 500, utalipa 33 na 7, jumla 40 badala ya 53. Lakini yeye azitoe zote mara moja kwa 52, kwa sababu akizigawa 2,500 na 500 atakatwa 58.

Hiyo elfu tatu inatupeleka kwenye chama. Watu kumi na wawili, kila mmoja analipa 53 kukutumia mchango wake. Hizo ni sh 636 kila mwezi zinazotoka mifukoni mwa wanachama, na pengine hakuna aliyewahi kuziona kwa sababu kila mmoja anaona yake tu. Wakituma 2,500 halafu 500, kila mmoja analipa 40 na jumla ni 480. Zimebaki sh 156. Kuna atakayekuambia elfu moja mara tatu ni 39, na ni kweli, lakini kwa shilingi moja sioni haja ya kumsumbua mtu mara ya tatu. Kwa upande wako kama mweka hazina kutakuwa na ujumbe ishirini na nne badala ya kumi na mbili, basi andika kwenye daftari jina na mafungu mawili, usisubiri mwisho wa siku ndipo uanze kulinganisha. Chama kikizoea watu kutuma mara mbili, ndipo ubishi wa "mimi nilituma zote" unapozaliwa.

Halafu kuna kutoa. Kwenye simu yako zimekusanyika 36,000. Ukienda kwa wakala na kuzitoa zote, ni 278. Rudi kwenye jedwali uone kilichotokea: 35,000 ni 197, na umeuvuka ukingo kwa elfu moja. Toa 35,000 kwa 197, halafu 1,000 kwa 29, jumla 226. Umeokoa 52. Ukijumlisha na zile 156 za kutuma, unapata 208 nilizozitaja mwanzoni. Kama mnayempa mzunguko huo ana simu, na sidhani kuna asiye nayo, fikirini pia kumtumia badala ya kumpa taslimu. Kumtumia 36,000 ni 108, na yeye mwenyewe aamue atoe lini na kiasi gani. Wekeni mapema kwenye kanuni zenu ada hiyo inatoka wapi, kwa sababu 108 isiyo na mwenyewe huleta maneno.

Kwenye kiasi kikubwa kama hicho, mtego mkubwa hauko kwenye jedwali. Uko kwenye droo ya wakala. Unafika na 35,000 yako, wakala anakuambia hana pesa za kutosha, "toa kumi na tano saa hii, uje jioni uchukue ishirini." Inasikika kama msaada. Kutoa 15,000 ni 167, kutoa 20,000 ni 185, jumla 352. Kwa mkupuo ungelipa 197. Huo msaada umekugharimu sh 155. Mwulize kabla hujaanza kubonyeza chochote kama ana kiasi hicho chote, na kama hana, tembea hadi kwa mwingine au piga simu mapema akuwekee. Kuna mawakala wachache pia ambao huomba ugawe hata kama pesa wanazo, kwa sababu wao hulipwa kamisheni kwa kila muamala. Mteja akijigawia mwenyewe kwa hesabu yake ni haki yake. Wakala akimgawia mteja ili kuzidisha kamisheni, hilo kampuni hailiruhusu, na una haki ya kukataa.

Wengine hudhani kukwepa wakala na kwenda kutoa kwenye ATM ya benki ni nafuu. Kwenye bei hizi hakuna mahali ambapo ATM inamshinda wakala. Kutoa hadi 2,500 kwenye mashine ni 35 ilhali kwa wakala ni 29. Kutoa 3,000 ni 69 ilhali kwa wakala ni 52. Kwenye 5,000 na kwenye 10,000 bei zinalingana, basi. Uzuri wa mashine ni kwamba iko wazi usiku.

Njia inayoshinda zote hizi ni kutotoa kabisa. Safu ya kutoa ni kubwa kuliko ya kutuma karibu kila mahali baada ya 3,500, na inatoweka mama akilipia vitu kwa simu. Akinunua unga na sukari kwenye duka lenye namba ya till, anachagua `Lipa na M-PESA` halafu `Buy Goods and Services`, na mnunuzi hakatwi chochote. Mwenye duka ndiye anayebeba gharama upande wake. Kwa hiyo muulize mama, katika hizo elfu tano, ngapi zinaishia kwenye duka moja lile lile. Kama ni 2,500, basi hizo zibaki kwenye simu na atoe 2,500 nyingine tu kwa 29. Gharama yote ya mwezi, yako na yake, inashuka hadi sh 86: 57 zako na 29 zake. Awe mwangalifu na jambo moja. Wafanyabiashara wadogo wengi, mama mboga na watu wa bodaboda, hutumia Pochi la Biashara badala ya till. Huko mnunuzi analipa ada ile ile ya kutuma kwa mtu wa kawaida. Kununua nyanya za 150 kwa Pochi ni sh 7 juu ya bei ya nyanya. Namba ya Pochi mara nyingi ni namba ya simu ya kawaida, ya till si ya simu, kwa hiyo hata mzee anaweza kuzitofautisha kwa kutazama ubaoni.

Mwenzako wa kazini anastahili nimrudie, kwa sababu ana hoja ambayo huenda hata yeye hajaipima. Ungeweza kumtumia mama ya miezi mitatu kwa mpigo, 15,000, ada ni 100 badala ya 57 mara tatu ambayo ni 171. Kwenye kutoa, akifuata ule utaratibu wa 2,500, atalipa 29 mara sita, yaani 174. Jumla 274 kwa miezi mitatu, ukilinganisha na 345 ya njia niliyokupa hapo juu. Ni sh 71 kwa robo mwaka. Kama mshahara wako unaruhusu, na kama mama si mtu ambaye jirani akijua ana elfu kumi na tano kwenye simu atamfuata mlangoni kila siku, hiyo nayo ni njia. Mimi binafsi ningeendelea na kila mwezi.

Kabla hujabadilisha utaratibu wako, kagua mambo mawili kwenye simu zote mbili. La kwanza ni Fuliza. Ikiwa mama ana deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Ile 5,000 ikitua na deni la 300 liko pale, atabaki na 4,700, na mpango wa 2,500 mara mbili umevunjika kabla hajafika kwa wakala. Kwako vile vile, ukituma huku salio halitoshi na Fuliza ikajazia, kuna ada ya asilimia moja ya kiasi kilichojaziwa, na juu yake ada ya kila siku. Sh 32 zako zitakuwa zimeliwa mapema sana.

La pili ni jina. Ukituma mara mbili, mara ya pili huwa mkono unakimbia, na namba ya jirani kwenye orodha ndiyo inayoguswa. Kabla hujaweka namba ya siri, au kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji huonyeshwa. Lisome mara zote mbili, hata kwenye ile 58. Ikishakwenda pengine, usimpigie mtu huyo simu kwanza. Peleka ujumbe wote wa M-PESA, kama ulivyo, kwa namba 456, upesi, kabla hajazitoa.

Na kwa kuwa ushuru wa ada hizi ulibadilishwa na sheria ya fedha ya 2023, iliyoanza kazi Julai, na sheria ya aina hiyo huandaliwa kila mwaka, ukifika Julai tazama `Transaction cost` ya ujumbe wako wa kwanza. Ukituma 5,000 na uone namba tofauti na 57, jua bei zimesogea. Mara ya mwisho zilisogea kidogo sana, kiwango cha hadi 500 kikitoka 6 hadi 7 na cha juu kabisa kikitoka 105 hadi 108, lakini kingo zenyewe, zile 1,000 na 2,500 na 5,000, zilibaki pale pale. Kwa hiyo namba zikibadilika, badilisha za kwenye safu tu. Mahali pa kugawa hutahitaji kupatafuta upya hadi siku watakapohamisha kingo.